Faida ya USDJPY

"Nilinunua USDJPY loti 0.10 kwa 150.20, nikafunga 150.65. Rafiki anasema ni dola 45. Mbona akaunti inaonyesha 29.87?"

Rafiki yako amepatia pipsi, ni 45 kweli. Ila dola moja kwa kila pipsi, kwa loti hiyo, ni ya EURUSD. Kwenye yen, pipsi ni desimali ya pili, na faida huja kwanza kwa yen. Loti 0.10 ni dola 10,000. Zidisha kwa 0.01, unapata yen 100 kwa pipsi. Mara 45 ni yen 4,500. Gawanya kwa bei ya kufungia, 150.65: dola 29.87.

Ile desimali ya tatu kwenye skrini usiihesabu kama pipsi nzima. Ulilaza oda usiku? Angalia safu ya Swap, hukaa kando.