Mpango wa bure wa CDN: soma kwanza kitakachotokea ukivuka kikomo

Mtu akiniuliza achukue CDN ipi, yaani mtandao wa seva unaosambaza mafaili ya tovuti yake kutoka kituo kilicho karibu na msomaji, siangalii bei kwanza. Namwambia atafute jambo moja kwenye masharti: kikomo kikivukwa, huduma inakatwa au bili inaendelea kupanda? Februari 2024 mteja mmoja wa Netlify, kampuni ya kuhifadhi tovuti, aliyekuwa kwenye mpango wa bure alidaiwa dola 104,500. Tovuti yake ilikuwa ndogo tu, ila kuna watu walioamua kuvuta faili lake la wimbo la megabaiti 3 na ushei mfululizo, mpaka zikatoka takriban terabaiti 190. Kila gigabaiti 100 za ziada zilikuwa dola 55, piga hesabu mwenyewe. Mkurugenzi wa kampuni aliifuta bili hiyo baada ya kisa kusambaa mtandaoni. Wewe usitegemee kusambaa.

Kampuni hazifanani katika hili. Bunny wanafanya kama LUKU: unaweka salio, likiisha huduma inasimama. CloudFront ya Amazon, kwa wanaolipa kadiri wanavyotumia, inatoa terabaiti 1 bure kila mwezi, kisha inatoza bila kukukatia. Tahadhari unayoiweka kwenye AWS Budgets itakuletea barua pepe tu, tena taarifa za matumizi huchelewa saa kadhaa. Cloudflare hawahesabu data kabisa kwenye mpango wa bure, lakini masharti yao hayaruhusu kuutumia kusambaza hasa video, sauti na mafaili makubwa. Tovuti ya habari na picha za kawaida haina neno. Maktaba ya sauti ni suala jingine.

Nasema hivyo kwa kuwa ninahudumia tovuti ya mawaidha. Waidha la nusu saa kwa 128 kbps lina megabaiti kama 29. Likipakuliwa mara 20,000 kwa mwezi, hizo ni gigabaiti 580. Kwa Bunny, vituo vya Afrika na Mashariki ya Kati ni dola 0.06 kwa gigabaiti, kwa hiyo bili inakaribia dola 35. Ukizima vituo vya ukanda huo, wasikilizaji wakahudumiwa kutoka Ulaya kwa dola 0.01, inashuka hadi dola 6 hivi. Faili litachelewa kidogo kuanza, na kwa sauti sioni shida. Hotuba ya mtu mmoja pia haihitaji 128 kbps: ukiirekodi mono kwa 64 kbps, data inapungua nusu, na wasikilizaji wanaookoa bando watakushukuru.

Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo. Kache ya CDN, yaani nakala za mafaili yako inazozihifadhi, haipunguzi bili yake. Inaipunguzia mzigo seva yako, lakini CDN inatoza kile kinachotoka kwake kwenda kwa msikilizaji, kiwe kimetoka kwenye kache au la. Ukitaka bili ishuke, punguza kinachotoka. Kagua kwanza vichezeshi vya sauti vilivyoko kwenye ukurasa. Ukurasa wenye mawaidha kumi unaweza kuanza kuvuta data kabla mtu hajabofya chochote, usipoandika hivi:

```html
<audio controls preload="none" src="/sauti/waidha-12.mp3"></audio>
```

Hata hivyo kanuni za kache zikikosewa, seva yako ndiyo itakayoelemewa. Mafaili ya sauti hayabadiliki, yape mwaka mzima: `Cache-Control: public, max-age=31536000`. Ukirekebisha faili, libadilishe jina. Kurasa za walioingia kwa nywila usizihifadhi kamwe, la sivyo mtu atafunguliwa akaunti ya mwenzake. Kujua kama kache inafanya kazi, endesha amri hii mara mbili:

```
curl -I https://mfano.co.tz/sauti/waidha-12.mp3
```

Kwa Cloudflare tazama `cf-cache-status`. Mara ya pili inapaswa kuwa `HIT`. Ikibaki `MISS` au `BYPASS`, mara nyingi seva yako inatuma `Set-Cookie` au `no-store` bila wewe kujua. WordPress na programu-jalizi zake ni mabingwa wa hilo.

Upande wa ulinzi, kinga dhidi ya mashambulizi makubwa ya DDoS, yaani ya kuizamisha tovuti kwa maombi kutoka mashine nyingi, huwa imo hata kwenye mipango ya bure ya Cloudflare. Kanuni ya kuzuia maombi mengi kutoka anwani moja ya IP ndiyo ya kuitumia kwa uangalifu. Mitandao yetu ya simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, kwa hiyo kikomo kinachoonekana cha kutosha huko Ulaya huku kinaweza kufungia mtaa mzima Ijumaa mchana. Ielekeze kwenye `/wp-login.php` na `/sauti/` pekee, anza na kikomo cha juu, kisha soma kumbukumbu za waliozuiwa kabla ya kukishusha. Ukiona waliozuiwa wengi ni simu za kawaida zinazoomba faili moja moja, umembana msikilizaji, siyo mvamizi.