Joto la seli: anzia nje, si ndani

Wengi wanaoingia karakana yetu hapa Changamwe huuliza kwanza betri ina joto gani katikati ya seli. Nami nilianzia hapo hapo, nikapoteza wiki mbili.

Chukua seli ya 18650: kipenyo milimita 18, urefu 65. Mkondo wa ampea 5 ukipita kwenye ukinzani wa omu 0.04, unapata wati 1 ya joto. Joto hilo lichukulie kama mkondo wa umeme, na tofauti ya nyuzijoto kama volti. Kutoka kitovu hadi ganda, ukinzani wake ni:

```
R_ndani = 1/(4*pi*k*L)
```

Hiyo 4 (si 2 yenye logi, kama ya bomba) inatokana na joto kuzaliwa kote ndani ya seli. L ni urefu wa seli, na k ni uwezo wa seli kupitisha joto. Ukiweka k ya wati 1 kwa mita kwa nyuzi, unapata takriban nyuzi 1.2 kwa kila wati. Sasa toka nje: ganda hadi hewa ni `1/(h*A)`, ambapo A ni eneo la ubavu wa ganda na h ni wati zinazochukuliwa na hewa kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi. Hewa ikiwa imetulia, h ni kama 10, nawe unapata nyuzi 27 kwa wati. Feni ikipuliza vizuri, h ikafika 30, zinabaki 9. Kwa hiyo kitovu kinazidi ganda kwa nyuzi moja na kitu tu. Shida iko nje.

Kuna ukinzani wa tatu, na huo ndio ulionichapa: hewa yenyewe hupata moto njiani. Pakiti yetu ya betri ya pikipiki ilikuwa na seli 60, safu kumi, yaani wati 60. Feni ilipitisha lita 10 kwa sekunde, hewa ikapanda nyuzi 5 kufikia safu ya mwisho. Siku ya hewa ya 32, safu ya kwanza ingetulia kwenye 41, ya mwisho 46.

Mteja akarudi akilalamika kwamba pakiti inanuka. Kihisi kilisoma 49, wala hakikulia, maana nilikibandika safu ya kwanza, karibu na feni, kwa kuwa waya ulifika hapo. Nilipogusisha kipimajoto safu ya mwisho, kilisoma 64. Wavu wa feni ulikuwa umeziba kwa vumbi lililoganda na unyevu wa chumvi, mfano wa blanketi. Hewa ilikuwa lita 3 hivi: kupanda kwake kukawa nyuzi 17, na h ikashuka pia. Hesabu ilisema 68. Chaji iliisha kabla ya seli kufika 68, kwa sababu seli ya gramu 46 huchukua karibu robo saa kufikia theluthi mbili ya safari yake.

Tangu hapo naweka vihisi viwili, cha kuingia na cha kutoka. Vyote vikipanda pamoja, natazama mkondo wa umeme, au hewa ya nje. Pengo kati yao likipanuka, nafungua wavu kwanza.