Tovuti inasema duka lipo tangu 2014, daftari la domeni linasema miezi miwili

Swali: Shikamoo mtaalamu. Nimeona duka mtandaoni linauza jokofu la lita 200 kwa shilingi 380,000, na Kariakoo bei niliyoambiwa ni 750,000. Wameandika wapo tangu 2014 na wanataka nilipe yote kabla ya kuletewa, kwa namba ya simu waliyonipa. Mdogo wangu aliniambia naweza kuangalia tovuti ilisajiliwa lini na nani. Nimejaribu, sehemu ya jina la mwenyewe imeandikwa REDACTED FOR PRIVACY. Hiyo maana yake ni matapeli? Nifanyeje nijue?

Jibu: Marahaba dada. Maneno hayo hayathibitishi utapeli, na nitaeleza kwa nini. Ila kwenye ukurasa huohuo ulioufungua kulikuwa na mstari muhimu kuliko jina, nao ni tarehe. Nimeitazama anwani uliyonitumia. Hapa nitaiita duka.example, kwa sababu jina halisi si la kutangaza kabla wahusika hawajachunguzwa.

Kwanza hakikisha unatafuta jina sahihi. Kwenye anwani, soma kile kilicho kati ya https:// na alama ya mkwaju / ya kwanza inayofuata, kisha anzia mwisho ukirudi nyuma. Domeni ni ule mwisho pamoja na neno lililo mbele yake: kitu.com, au kitu.co.tz. Yanayotangulia hapo mwenye domeni anajiandikia apendavyo. Duka likiwa na anwani inayoishia myshopify.com au blogspot.com, tarehe utakayoipata ni ya kampuni inayotoa jukwaa, na itakuwa ya zamani sana hata kama duka limefunguliwa jana. Hapo njia hii haikusaidii, uende moja kwa moja kwenye kumtafuta mwenye biashara, nitakapofika chini.

Kwa majina ya .com, .net, .shop, .store na mengine yasiyo ya nchi, fungua lookup.icann.org, andika domeni bila www, ubonyeze kitufe cha kutafuta. Ni bure na hauhitaji akaunti. Kwa majina ya nchi kama .tz au .ke, zana hiyo mara nyingi haina jibu, kwa sababu kila nchi ina daftari lake. Nenda iana.org/whois, andika tz au ke peke yake, nayo itakuonyesha nani anaendesha daftari hilo na utafutie wapi. Mwenye kompyuta ya Linux au Mac anaweza pia kujaribu amri moja tu:

```
whois duka.example
```

Kwa duka lako, sehemu ya tarehe ilitoka hivi:

```
Created: 2025-09-18 20:41:07 UTC
Updated: 2025-09-23 07:12:40 UTC
Registry Expiration: 2026-09-18 20:41:07 UTC
```

Kwenye zana nyingine mstari wa kwanza huitwa Creation Date. Saa hizo ni za UTC, kwetu unaongeza 3, kwa hiyo usishangae siku ikipishana kwa moja. Updated usiihangaikie, hubadilika kwa mambo madogo ya kiufundi. Na kwamba imelipiwa mwaka mmoja tu, nayo isikutishe, kwani wafanyabiashara waaminifu wengi hulipia mwaka mmojammoja.

Iangalie Created. Umeniandikia Novemba, domeni imesajiliwa katikati ya Septemba. Ina miezi miwili. Umri mdogo peke yake si kosa. Kijana aliyefungua duka mwezi uliopita naye atakuwa na domeni ya mwezi mmoja, na ana haki ya kupata wateja. Tatizo la duka hili ni kile linachojisemea. Chini ya ukurasa limeandika tangu 2014, na kwenye maoni ya wateja kuna mtu anayesifu huduma kwa tarehe ya Machi 2023, akisema aliagiza kwenye tovuti hiihii. Tovuti ambayo jina lake halikuwepo hadi Septemba 2025 haiwezi kuwa ilipokea oda mwaka 2023. Inaelekea maoni hayo yametungwa, au yamenakiliwa kutoka duka jingine.

Kuna maelezo moja ya halali ambayo ni lazima uyape nafasi. Duka linaweza kuwa lilihama kutoka domeni ya zamani, au lilikuwa likiuza kupitia Instagram kwa miaka kabla ya kufungua tovuti. Hilo linathibitika kirahisi, kwa hiyo waulize: mlikuwa mnatumia anwani gani kabla ya hii? Mwenye duka la kweli atakupa jina la zamani au ukurasa wenye picha za miaka hiyo, nawe utaukagua. Akikwepa swali, au akianza kukuharakisha kwamba ofa inaisha leo, umepata jibu.

Sasa kinyume chake, maana ndiko wengi wanakoumia. Tarehe ya zamani haisafishi duka. Domeni isipolipiwa, mara nyingi kampuni iliyoisajili huiuza kwa mnada kabla haijafutwa kwenye daftari, na inapouzwa hivyo Created haibadiliki. Inabadilika tu kama domeni ilifutwa kabisa ndipo mtu mwingine akaisajili upya. Kwa .com, kufutwa huko hutanguliwa na siku 30 za kumpa mwenyewe nafasi ya mwisho ya kuikomboa, kisha siku 5 za kusubiri. Matapeli wenye subira hununua majina yaliyozeeka kwa sababu wanajua watu kama mimi na wewe tutatazama tarehe. Ni kama fremu ya duka: fremu inaweza kuwa na miaka 10 mtaani, na mpangaji aliyemo ameingia wiki iliyopita.

Kumjua mpangaji, fungua web.archive.org uandike domeni. Utaona kalenda ya siku ambazo ukurasa ulipigwa nakala. Fungua nakala ya zamani kabisa, moja ya katikati na moja ya karibuni. Ukikuta mwaka 2016 ilikuwa tovuti ya zahanati au kanisa, kisha pengo la miaka, kisha ghafla majokofu kwa nusu bei, jina limebadilisha mikono na ule umri si wa duka. Tovuti ndogo mara nyingine hazina nakala hata moja, kwa hiyo kalenda tupu haithibitishi chochote. Hapo jaribu crt.sh, inayoorodhesha vyeti vya usalama vilivyotolewa kwa domeni, yaani vile vinavyoleta alama ya kufuli kwenye kivinjari. Ukiona vyeti vinatoka mfululizo kwa miaka, kuna aliyekuwa akiitunza tovuti. Ukiona cha kwanza ni cha wiki chache zilizopita kwenye domeni ya mwaka 2012, jiulize ilikuwa wapi. Na kufuli lenyewe lisikupumbaze. Cheti hupatikana bure ndani ya dakika chache, na kinachothibitisha ni kwamba mawasiliano yako na tovuti hiyo yamefichwa. Tabia ya mwenye tovuti hakiijui.

Turudi kwenye REDACTED FOR PRIVACY. Hadi mwaka 2018 jina, simu na anwani ya mwenye domeni kwa kawaida vilikuwa wazi kwa yeyote. Mei 25 mwaka huo sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi ilianza kutumika, na wasajili wengi, yaani kampuni zinazosajilia watu domeni, wakaficha taarifa za wateja wao wote, hata walio nje ya Ulaya. Kwa hiyo leo ukitafuta maduka halali mengi utakutana na maneno hayohayo. Pengine badala yake utaona jina la kampuni ya kuficha taarifa, kama Domains By Proxy yenye anwani ya Arizona, au Withheld for Privacy yenye anwani ya Reykjavik. Hiyo ni anwani ya mfichaji. Usihitimishe kwamba duka liko Marekani au Iceland.

Hata jina likionekana, lichukue kwa tahadhari. Sheria za ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, zinamtaka msajili ahakikishe barua pepe au simu ya mteja inafanya kazi, ndani ya siku 15. Hakuna anayeomba kitambulisho cha NIDA pale. Mtu anaweza kuandika jina la kampuni maarufu na likapita. Ndiyo maana nasema daftari la domeni linaaminika kwenye tarehe, ambayo huandikwa na mfumo wenyewe, lakini kwenye jina linaandika alichosema mteja.

Mwenye biashara mtafute kwingine. Duka linalodai lipo Dar es Salaam linapaswa kuwa na jina la kampuni au jina la biashara lililosajiliwa BRELA, na unaweza kulitafuta kwenye ors.brela.go.tz. Waombe jina kamili na namba ya usajili, kisha uone kama vinalingana na mwaka wanaojisifia. Kuishia kwa .co.tz hakuchukui nafasi ya usajili huo. Kisha tazama jina la kwenye malipo. Ukiingiza Lipa Namba, simu hukuonyesha jina la biashara kabla hujaweka namba ya siri. Likiwa tofauti na lile la tovuti na lile la BRELA, simama hapohapo. Wewe ulipewa namba ya kawaida ya mtu binafsi, yenye jina lisiloonekana popote kwenye tovuti.

Kwa hiyo, dada, hela hiyo usiitume. Nimeweka pamoja domeni ya miezi miwili, dai la miaka 11, maoni ya wateja ya kabla ya domeni, na malipo kwa namba ya mtu binafsi. Kila kimoja kingeweza kuwa na maelezo yake, vyote kwa pamoja sivioni vikielezeka. Ukitaka kuwapa nafasi ya mwisho, waambie utalipa jokofu likifika mlangoni na ukaliwasha, au utatuma ndugu dukani kwao akalione.

Ukishajiridhisha kwamba ni uongo, rudi kwenye ukurasa wa lookup.icann.org, tafuta mstari wa Abuse contact email. Hiyo ni barua pepe ya msajili ya kupokea malalamiko. Waandikie anwani ya tovuti, picha ya skrini inayoonyesha dai la 2014 na yale maoni ya 2023, pamoja na mazungumzo ya kudai hela. Wakichukua hatua, ukitafuta tena domeni utaona kwenye Domain Status neno clientHold, na tovuti haitafunguka. Kama kuna jirani au ndugu ameshalipa, yeye aanzie polisi akachukue RB na ampigie mtoa huduma wa mtandao wake wa simu siku hiyohiyo, kabla hela haijatolewa.