Kadi inaposema "imeshatumika": niliyojifunza nikisimamia mlango wa harusi

Mwaka jana, kwenye harusi ya binamu yangu hapa Dar es Salaam, kamati ilinipa mlango. Kadi zilikuwa 280, za singo na dabo, zote zimetumwa WhatsApp zikiwa na msimbo wa QR. Nikakabidhiwa vijana wawili na simu mbili za kuskani, nikaambiwa kazi ni nyepesi. Ilipofika saa 2 usiku foleni ilikuwa imetoka hadi kwenye maegesho, na mbele kabisa alisimama mama mmoja akibonyeza simu iliyozima.

Kadi inayosomeka haisumbui. Salamu, kuskani, kutazama jina, karibu ndani: sekunde 8 hivi. Lakini mgeni mwenye shida anakula dakika 2, na ndani ya dakika hizo kadi kama 15 zingekuwa zimeshapita. Kwa hiyo siku hizi naweka meza ya pembeni, hatua chache kutoka mlangoni, na anakaa mwanakamati anayewajua ndugu wa pande zote mbili. Msimbo ukigoma mara ya pili, mgeni anaelekezwa pale kwa heshima na foleni inaendelea.

Kabla ya kumpeleka huko, jaribu mawili. Mwambie aongeze mwanga wa skrini. Kisha atazame kama mraba wote unaonekana, maana wengi huikuza picha mpaka pembe inakatika. Ile miraba mitatu midogo ya pembeni ndiyo inayoiambia kamera msimbo uko wapi, na ukingo mweupe unaouzunguka nao lazima uonekane. Kioo chenye ufa mara nyingi hakina neno, kwa sababu msimbo wa QR umeundwa uweze kusomeka hata sehemu yake ikiharibika.

Simu ikizima kabisa, meza ya pembeni inahitaji orodha ya karatasi. Yetu ilipangwa kwa majina, nayo ikatutesa: mgeni anajiita Mama Neema, kwenye orodha kaandikwa kwa jina la mumewe. Sasa napanga kwa tarakimu nne za mwisho za namba ya simu iliyopokea kadi. Karibu kila mtu anaijua namba yake kwa kichwa hata simu ikiwa imekufa, na wazee wenye vitochi waliopelekewa ujumbe wa kawaida wanapatikana humohumo. Ukishampata, usiishie kuweka tiki kwenye karatasi. Andika namba ya kadi yake kwenye simu ya kuskani ili nayo ihesabike imetumika. Usipofanya hivyo msimbo unabaki wazi, na mwenye nakala ataingia nao baadaye bila simu kulalamika.

Na nakala hazikosekani. Picha ya QR iliyosambazwa haina tofauti yoyote na ya kwanza. Simu inachojua ni kwamba namba hii imeshapita au bado. Anayetangulia ndiye anayeingia, hata kama si mwenye kadi. Ndiyo maana nataka simu yangu ionyeshe saa ambayo kadi ilisomwa. Ikiwa ni sekunde chache zilizopita, huenda kijana wako ameskani mara mbili. Ikiwa ni nusu saa na kadi ni ya dabo, muulize kama mwenzake ametangulia; ni vizuri dabo ihesabu mtu mmoja mmoja. Nje ya hapo, usimuulize jina, kwani limeandikwa kwenye kadi na mwenye nakala analisoma kama wewe. Uliza tarakimu nne za simu, kisha aombwe kufungua ujumbe wenyewe. Mwenye kadi ataonyesha ujumbe uliotoka kwenye namba ya kamati. Mwingine ataonyesha uliotoka kwa rafiki, au picha tupu kwenye galari.

Kosa letu kubwa usiku ule lilikuwa mtandao. Ulipokatika, kila simu ikabaki na kumbukumbu yake, na kadi iliyopita mlango wa kushoto ilipokelewa tena mlango wa kulia kama mpya. Mtandao uliporudi tukakuta kadi 9 zimeingia mara mbili. Dawa yake si bando kubwa. Gawa kadi tangu zinapotengenezwa: nusu ziandikwe Mlango A, nusu Mlango B, na kila simu ipewe orodha ya mlango wake tu. Hapo hata bila mtandao kadi haina pa kusomwa mara ya pili.

Mmoja wa wale 9 alikuwa anko wetu, aliyetoa mchango mapema kuliko wote. Alikuta meza yake imejaa. Kumbe alimtumia mwanawe kadi aone ramani ya ukumbi, na kijana akaja na mchumba wake. Sikumtoa mtu. Tuliongeza viti viwili pembeni ya meza ya kamati, na tangu siku hiyo naagiza viti na sahani 10 za akiba ambazo MC haambiwi.