Mauzo yamepanda mara mbili, pesa haionekani: hesabu ya dumu la alizeti

Swali: Shikamoo mhasibu. Nauza mafuta ya alizeti hapa Dodoma mjini, dumu la lita 20. Mzigo nachukua kiwandani Kibaigwa kwa mali kauli, nalipa baada ya wiki mbili. Dumu nanunua 80,000, naweka asilimia 20, nauza 96,000. Wanaochukua mengi nawaachia 91,000. Mwaka jana nilikuwa nauza madumu 60 kwa mwezi, sasa hivi 120. Kwa hesabu yangu, katika kila laki ninayouza elfu ishirini ni yangu. Mbona sasa nachelewa kumlipa mwenye kiwanda? Nikope niongeze mtaji? Picha za daftari nimekutumia.

Jibu: Marahaba, dada. Usikope kwanza. Nimekaa na daftari lako, na pesa haijaibwa wala haijapotea. Unaitumia kabla hujaipata.

Tuanze na hiyo elfu ishirini ya kila laki. Asilimia 20 uliyoweka ni ya 80,000, bei uliyonunulia. Lakini laki unayoigawa jioni ni pesa ya mauzo. Dumu ulilouza 96,000 limekupa 16,000 juu ya bei ya kiwandani, na 16,000 ndani ya 96,000 haifiki asilimia 17. Kwa hiyo hata kama mafuta yangefika dukani yenyewe bila gari, katika kila laki yako ungekuwa na elfu kumi na sita na ushee.

Na hayafiki yenyewe. Daftari lako lina nafasi ya Canter, 2,000 kwa dumu. Kupakia na kushusha ni 300. Halafu kuna kitu umekiandika pembeni kwa penseli kila mzigo bila kukijumlisha popote: madumu yanayovuja, na yale yenye mashapo mengi ambayo wateja wanarudisha, unachuja, unajazia. Mafuta ya kukamua ambayo hayajasafishwa lazima yaache mashapo chini, hilo si kosa la mtu, ila ni gharama. Nimeigawa gharama hiyo kwa madumu yote ya miezi mitatu, inakuja kama 700 kwa dumu. Basi dumu halikugharimu 80,000. Likiwa stoo kwako, tayari kuuzwa, limekugharimu 83,000. (Hapo hapo jambo dogo: weka mizani mlangoni. Lita 20 za mafuta ya alizeti zina uzito wa kilo 18.4 hivi, bila kuhesabu dumu lenyewe. Yakija pungufu, unajazia kwa pesa yako.)

Kwa gharama ya 83,000, anayenunua dumu moja kwa 96,000 anakuachia 13,000. Anayechukua mengi kwa 91,000 anakuachia 8,000. Na hapa ndipo mauzo yako yalipobadilika bila wewe kuona. Mwaka jana wote walikuwa wa 96,000. Sasa kati ya madumu 120, ya 96,000 ni 40 tu, na 80 yanakwenda kwa mahoteli na maduka kwa 91,000. Punguzo la 5,000 juu ya bei ya 96,000 linaonekana dogo, kama asilimia 5. Lakini halitoki kwenye 96,000, linatoka kwenye zile 13,000 zako. Umempa mteja karibu asilimia 38 ya faida yako ya dumu lile, na dumu bado umempelekea mlangoni.

Sasa weka mwezi wa mwaka jana na mwezi uliopita pamoja.

Mwaka jana: madumu 60 kwa 96,000, mauzo 5,760,000. Faida ghafi, yaani mauzo ukitoa gharama ya mafuta yenyewe hadi stoo, ilikuwa 780,000. Fremu, kijana mmoja, umeme, vocha na vikorokoro vingine, 480,000. Zikabaki 300,000, ndizo ulizopeleka nyumbani. Hesabu ilikaa sawa.

Mwezi uliopita: mauzo 11,120,000. Faida ghafi ni 520,000 za wateja wa rejareja na 640,000 za wa jumla, jumla 1,160,000. Fremu pamoja na stoo ya pili 350,000, vijana wawili 450,000, bodaboda na guta za kupeleka mzigo kwa wa jumla 120,000, mengineyo 120,000. Jumla ya matumizi 1,040,000. Imebaki 120,000, na nyumbani umepeleka 300,000 zile zile. Pengo ni 180,000, na mwenye kulijaza ni mwenye kiwanda bila kujua.

Kwa hesabu ya kichwani ulidhani asilimia 20 ya mauzo hayo ni yako, yaani milioni 2.2. Kweli yake ni kama 10,400 kwa kila laki, nusu ya ulichodhani. Ndiyo maana stoo ya pili na kijana wa pili vilionekana vya bei nafuu ulipoamua kuvichukua.

Utauliza kwa nini hukuona mapema. Kwa sababu unauza kwanza, unalipa baadaye. Kila mzigo wa madumu 60 ni deni la milioni 4.8, na kabla ya siku ya kulipa pesa hiyo inakaa kwenye simu yako na kwenye lipa namba. Mwaka jana deni la mzigo lilikuwa milioni 2.4. Salio limekua maradufu, na mtu akiona salio limekua anajua biashara imekua. Ukitoa 180,000 kwenye mzunguko mkubwa namna hiyo, hakuna kitakachopiga kelele. Utaanza kuchelewa siku moja, mbili, unamlipa mzigo wa juzi kwa mauzo ya mzigo wa leo. Kwa kasi hii, pengo la mwaka mzima ni 2,160,000, ambalo kwa mauzo yako ya sasa ni kuchelewa siku sita hivi tu. Siku sita mwenye kiwanda anavumilia. Mauzo yakishuka mwezi mmoja, au akisema sasa nataka taslimu, ndipo utatakiwa kulipa lote kwa mpigo.

Kwa hiyo usiangalie salio siku yoyote tu. Liangalie jioni ya siku uliyomlipa mwenye kiwanda deni lake lote. Andika pesa iliyobaki, ongeza mafuta yaliyo stoo kwa 83,000 kila dumu, ongeza unaowadai ambao kweli watalipa, toa unachodaiwa. Namba hiyo ndiyo mtaji wako. Ikishuka mwezi hadi mwezi huku mauzo yanapanda, unakula mtaji, hata kama duka limejaa wateja.

Tuje kwenye bei. Ukitaka kweli asilimia 20 ya mauzo, huzidishi gharama kwa 1.2. Unaigawanya kwa kinachobaki ukitoa asilimia unayoitaka:

```
bei = gharama / (1 - asilimia)
83000 / (1 - 0.20) = 103750
```

Majirani zako wanauza 96,000, kwa hiyo 103,750 itakuachia duka tupu. Sikushauri. Mafuta ya kula ni bidhaa ambayo kila mteja anajua bei yake, na asilimia 13 au 14 kwa rejareja si mbaya ikiwa matumizi yako yanajua kwamba ni 13 na si 20. Swali linalokufaa zaidi ni hili: dumu moja linatakiwa kuacha shilingi ngapi? Matumizi 1,040,000 na posho yako 300,000 ni 1,340,000. Gawanya kwa madumu 120, unapata kama 11,200. Sasa hivi wastani wako ni chini kidogo ya 9,700. Umepungukiwa 1,500 kwa dumu, basi. Kodi ya TRA nayo iingize humo.

Mimi ningeigusa bei ya jumla peke yake. Dumu la 91,000 likishabebwa na guta kwa 1,500 linakuachia 6,500, nusu ya dumu la rejareja. Pandisha iwe 92,000, na usafiri mteja ajilipie au aje kuchukua. Hapo kila dumu la jumla linaacha 9,000, na kwa madumu 80 umeongeza 200,000. Pengo la 180,000 limezibika na chenji imebaki.

Najua unaogopa watakimbia. Wengine wataondoka kweli. Lakini piga hesabu ya wangapi. Leo madumu 80 yanakupa 520,000 baada ya usafiri. Kwa 9,000, madumu 58 yanakupa 522,000. Yaani hata ukipoteza madumu 22 kati ya 80 hujapungukiwa na kitu kwa upande huo, na pengine stoo ya pili huihitaji tena. Wakiondoka zaidi ya hapo, rudisha bei ila usirudishe usafiri wa bure.

Kuhusu mkopo: milioni 2 zingelifunika pengo la 180,000 kwa miezi 11, kabla ya riba. Riba nayo ni matumizi ya kila mwezi, kwa hiyo isingefika hata hiyo miezi 11. Ziba pengo, subiri mtaji wako upande kwa miezi mitatu mfululizo katika ile hesabu ya siku ya malipo, ndipo tuzungumze mkopo.

Jambo la mwisho ni la msimu. Alizeti ya kanda yetu ikishavunwa bei ya mafuta huwa inalegea, na mbegu zikipungua maghalani inapanda. Siku kiwanda kikikuambia dumu sasa ni 86,000, gharama yako hadi stoo imekuwa 89,000, na rejareja inayokuachia 13,000 zile zile ni 102,000. Madumu ya zamani yaliyobaki stoo nayo yapande siku hiyo hiyo kwa kadiri soko linavyoruhusu, kwa sababu utakayonunua kuziba nafasi yake utayanunua kwa bei mpya.