Kuchora y = xe⁻ˣ: baada ya kilele

"Kaka, nipo kidato cha sita, Wete. Nachora y = xe⁻ˣ. Kilele nakipata, lakini upande wa kulia mstari wangu hurudi kugusa mhimili wa x na mwalimu anakata maksi. Nakosea wapi?"

Mdogo wangu, e⁻ˣ haiwi sifuri hata siku moja, kwa hivyo y ni sifuri pale tu x ilipo sifuri. Mhimili unaukata mara moja, kwenye (0, 0), ukipanda kwa mteremko wa 1.

Mteremko wenyewe ni (1 − x)e⁻ˣ, ndiyo maana kilele chako kipo x = 1, y = 1/e, yaani kama 0.37.

Tatizo lako naona liko mbele kidogo. Tafuta mteremko wa mteremko: (x − 2)e⁻ˣ. Kabla ya x = 2 ni hasi, mkunjo umejiinamia kama kawa ya kufunikia chakula. Baada ya hapo ni chanya, unabinukia juu. Basi kwenye (2, 0.27) geuza mkono: endelea kushuka, lakini kila hatua ushuke kidogo kuliko hatua iliyotangulia. Ukinyoosha tu kwa mteremko wa pale, −0.135, utaugonga mhimili x = 4. Thamani halisi ya pale ni 4e⁻⁴, karibu 0.07; kwenye x = 6 ni 0.015. Unausogelea mhimili kwa juu, bila kuufikia.

Kushoto hakuna utulivu: x = −1 inatoa −2.7, x = −2 inatoa −14.8. Huko onesha tu kwamba mstari unazama, usije ukabana skeli kilele kikapotea.