Folikeli kubwa bila yai: imekufa, au imekatwa pembeni?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Ninasoma diploma ya maabara hapa Kisumu. Tulipewa slaidi ya ovari ya ng'ombe kutoka machinjioni, iliyotiwa rangi ya hematoksilini na eosini. Kuna folikeli moja kubwa yenye uwazi, nimeipima kwa rula juu ya slaidi nikapata milimita 6, lakini haina yai. Kando yake kuna bonge la seli za waridi. Mimi niliandika kwamba ile kubwa imekufa kwa sababu yai halipo, na bonge ni folikeli changa iliyokatwa pembeni. Mwenzangu anasema ni folikeli ya Graafi na korpasi luteamu. Nimekutumia picha nilizopiga kwa simu, lenzi ya 10 na ya 40. Nani yuko sahihi?

JIBU: Asante kwa kutuma picha ya lenzi ya 40, maana jibu lote limo humo. Ile ya 10 peke yake ingetuacha tukikisia.

Kwanza tuliweke yai kando. Milimita 6 ni mikroni 6,000. Tukichukua kwamba slaidi yenu ilikatwa kwa unene wa kawaida wa mikroni 5, folikeli hiyo pekee ingetoa vipande 1,200 hivi. Yai la ng'ombe lililomaliza kukua lina upana wa takriban mikroni 120, kwa hiyo litaonekana katika vipande 24 tu. Hivyo ni vipande 2 kati ya kila 100. Katika vilivyobaki utaona ukuta na uwazi bila yai, hata kama folikeli ilikuwa na afya kamili ng'ombe alipochinjwa. Ukikata parachichi pembeni hulioni kokwa, na bado limo. Ndiyo maana kukosekana kwa yai kwenye folikeli ya ukubwa huo hakuthibitishi kifo, na sababu uliyoandika haitoshi.

Kwa folikeli changa hesabu inageuka. Rudi kwenye slaidi yako, uende kwenye gamba la ovari, chini kidogo ya utando mweupe wa nje. Humo folikeli za primodiali hukaa kwa vikundi. Kila moja ina upana wa mikroni 40 hivi, na yai lake mikroni 30 hivi. Katika vipande vinane vya folikeli kama hiyo, yai litakuwemo katika sita. Hapa ndipo mahali pazuri pa kujifunzia macho: yai la duara lenye kiini kikubwa cheupe na nukleoli iliyokoza, likiwa limezungukwa na safu moja ya seli bapa, nyembamba kiasi kwamba mara nyingi utaona viini vyake tu. Folikeli inapoamka, seli hizo bapa huinuka na kuwa na umbo la mchemraba. Zikishainuka zote, hiyo ni folikeli ya praimari. Kwa ng'ombe utakuta nyingi ambazo nusu ya seli ni bapa na nusu zimeinuka. Usihangaike kuzilazimisha upande mmoja, andika kwamba zimo njiani.

Kisha seli hizo, ambazo sasa tunaziita granulosa, huongezeka na kuwa safu mbili, tatu na zaidi, huku kati yake na yai kukitokea mkanda wa waridi unaong'aa, zona pelusida. Wanafunzi wengi hukosea katika hatua hii, kwa sababu folikeli ya safu moja ikikatwa karibu na ukingo wake huonekana kama kitonge cha seli kilichojaa, nao huhesabu safu nne ambazo hazipo. Kanuni ninayoishikilia ni hii: safu za folikeli changa huhesabiwa pale tu unapoona kiini cha yai. Kiini kikionekana, ujue kisu kimepita karibu na katikati na safu unazoziona ni za kweli. Kisipoonekana, folikeli hiyo usiitaje hatua yake.

Folikeli inapofikia robo milimita hivi, vidimbwi vya majimaji hutokea kati ya granulosa, huungana, na uwazi mmoja hupatikana. Nje ya granulosa kuna utando wa msingi, na nje ya utando huo kuna theka: ya ndani yenye seli nono na kapilari nyingi, ya nje yenye nyuzi. Jambo la kulikumbuka kuliko yote ni kwamba granulosa ya folikeli yenye afya haina mshipa wowote wa damu. Kapilari zote huishia kwenye theka, nje ya utando wa msingi, mpaka siku yai linapotoka.

Sasa tutazame folikeli yako kubwa. Kwa kuwa yai halionekani, tunausoma ukuta. Granulosa yenye afya ni safu kadhaa za seli zilizosongamana, viini vyake vya duara vina rangi ya wastani, na hapa na pale kiini kinagawanyika. Ukingo wake unaotazama uwazi ni msafi. Katika picha yako ya lenzi ya 40 ukingo huo umechakaa. Nimeona viini vingi vilivyosinyaa na kuwa vidoti vyeusi vya duara, baadhi vikiwa na kipete cha waridi, na vingine vimeshadondoka na kuelea kwenye majimaji. Seli zilizo chini, karibu na utando wa msingi, bado ni nzima. Hii ni atresia, folikeli inayokufa kuanzia upande wa uwazi, na ndiyo sura ya kawaida kwa folikeli kubwa za ng'ombe. Kwa hiyo ni kweli imekufa, lakini ushahidi ni vidoti vile. Kimoja au viwili visingenitosha, kwa sababu hata folikeli hai hupoteza seli chache.

Kuna kitu kinachofanana na atresia ambacho lazima ukitenganishe nacho. Ovari ikikaa sana machinjioni kabla ya kutiwa formalini, au ikitumbukizwa nzima bila kukatwa, dawa huchelewa kufika ndani, na granulosa hubanduka kutoka kwenye utando wa msingi ikaelea kama shuka. Ukiona shuka kama hilo, angalia viini vyake. Vikiwa vya kawaida, kosa ni la utayarishaji. Vikiwa vidoti vyeusi sehemu moja tu ya ukuta wa folikeli moja, huku folikeli jirani ni safi, hapo folikeli ilikuwa ikifa yenyewe. Katika picha yako ya lenzi ya 10, folikeli mbili ndogo za jirani zina kuta safi. Formalini haikuchelewa.

Mwenzako aliiita folikeli ya Graafi, nami nisingeiita hivyo hata kama ingekuwa hai. Kwa ng'ombe, folikeli iliyo tayari kutoa yai huwa na kipenyo cha milimita 12 hadi 20. Nyama husinyaa kiasi wakati wa kutayarishwa, na kisu huenda hakikupita katikati, kwa hiyo 6 zako zinaweza kuwa 7 au 8 katika uhai. Bado ni ndogo. Iandike folikeli yenye uwazi, ya ukubwa wa kati, iliyo katika atresia.

Bonge la waridi ni suala jingine, na hapo mwenzako amekushinda. Folikeli changa iliyokatwa pembeni ingekuwa kitonge cha seli ndogo zenye saitoplazimu kidogo, zinazoelekea rangi ya samawati kwa sababu viini vimebanana, bila damu ndani. Katika picha yako chembe nyekundu za damu zimo katikati ya bonge, zimepangana ndani ya kapilari. Chembe hizo zinatusaidia pia kupima, maana kwa ng'ombe kila moja ina mikroni 5 hadi 6, na picha ya simu haina kipimo kingine cha kuaminika. Nimelinganisha: seli moja kubwa ya bonge inachukua chembe tano zikipangwa kwa mstari, yaani mikroni 25 hadi 30. Granulosa ya kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Tena saitoplazimu ya seli hizi ni ya waridi na ina vitobo vitobo vyeupe, mahali palipokuwa na mafuta kabla alkoholi na zailini hazijayayeyusha.

Seli kubwa, mafuta, na kapilari katikati yake: hiyo ni korpasi luteamu. Yai lilipotoka, utando wa msingi ulivunjika, mishipa ya theka ikaingia, granulosa zikavimba na kuanza kutoa projesteroni. Seli ndogo zenye rangi iliyokoza zaidi ulizoziona zimejipenyeza kati ya zile kubwa zilitoka kwenye theka. Ukipewa slaidi ya binadamu usizitafute zimechanganyika hivyo, kwani huko seli za theka hubaki pembezoni na kwenye mikunjo, na mpaka wake huonekana wazi. Bonge lako halina donge la damu katikati, wala nyuzi nyingi, wala seli zilizosinyaa, kwa hiyo naliweka katikati ya maisha yake. Likizeeka, nyuzi zingechukua nafasi ya seli mpaka libaki kovu, korpasi albikansi.

Kuwa na tahadhari moja kuhusu ile kanuni ya damu. Baadhi ya folikeli ndogo za ng'ombe hufa kuanzia chini, kwenye utando wa msingi, na hapo kapilari huweza kupenya ndani. Lakini seli zilizobaki huwa chache, ndogo, na zimezungukwa na uchafu wa seli zilizokufa. Haziwi nono kama zako.

Huenda unajiuliza vipi folikeli ife pembeni mwa korpasi luteamu iliyo hai. Kwa ng'ombe ndivyo inavyotarajiwa. Katika mzunguko wa siku 21 folikeli huota kwa mawimbi mawili au matatu, na projesteroni ya korpasi luteamu huizuia pituitari kutoa homoni ya LH kwa kasi ya kutosha kukomaza folikeli yoyote. Zilizotangulia hukua, hukosa msukumo huo, na hufa. Slaidi yako imelinasa jambo hilo lote katika kipande kimoja.

Ukirudisha kazi, kwenye folikeli kubwa futa maneno “kwa sababu yai halipo” na badala yake uandike ulichokiona ukutani. Kisha mwombe fundi wa maabara, kama bado ana kitalu cha nta, akukatie vipande zaidi akiruka mikroni 50 kila mara. Yai la mikroni 120 haliwezi kukuponyoka kwa hatua hizo. Ukilipata, tazama kama zona pelusida imekunjamana na yai limesinyaa ndani yake, unitumie picha.